Wingi wa Khadhraa

Wifi yangu alikuwa mtu wa kutisha wenzake, si wa kutishwa. Kwa hiyo siku aliponiita jikoni, akafunga mlango na kuniambia kwamba anaogopa, nilijua ananitania. Sisi ni mawifi, kutaniana ndiyo kazi yetu. Nikamuuliza kama ameona panya. Hakucheka. Alikuwa ameshika nyanya mbili, akaninyooshea zote.

"Ipi imeiva?"

Nikatazama. Moja ilikuwa nyekundu, imeiva mpaka inataka kupasuka. Nyingine kijani, ngumu, ya kusubiri wiki nzima.

"Swali gani hilo?" nikasema. "Hiyo ya kulia."

"Mimi naziona zote rangi ya matope," akasema, akaziweka mezani polepole kana kwamba ni mayai.

Tulikwenda kwa daktari wa macho, mimi nikiwa nimejaa hasira kwa sababu alikuwa amenificha miezi chungu nzima. Daktari akamwonyesha kurasa zenye madoadoa ya rangi, zenye tarakimu zilizojificha ndani yake. Mimi niliziona zote. Yeye hakuona hata moja. Tukaambiwa kwamba mshipa unaobeba habari za jicho kupeleka kwenye ubongo unakufa. Nyekundu ndiyo inayotangulia kuondoka, kijani nayo haikawii, halafu nyingine zinafuata, na mwisho vitu vyenyewe. Dawa hakuna. Akatuonya asiendeshe gari, na sisi nyumbani hata baiskeli hatuna.

Njiani nikamuuliza tutafanya nini. "Tutanyamaza," akasema.

Lazima nieleze hapa, maana mtu anaweza kudhani ni ubishi tu. Kaka yangu, mume wake, alifariki zamani, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kilichobaki kwa wifi ni darasa. Tulikuwa tukifundisha Kiarabu katika chuo kimoja cha wasichana, vyumba viwili vinavyotenganishwa na pazia. Mimi nina wadogo, kazi yangu ni alifu, be, te, na kupangusa makamasi. Yeye ana wakubwa, anawafundisha sarfa, yaani namna neno moja la Kiarabu linavyogeuzwa sura likazaa mengine. Mwalimu wa sarfa lazima asome irabu ndogondogo ambazo mwanafunzi ameziweka juu na chini ya herufi. Asiyeona hana kazi hapo. Mwalimu aliyekuwepo kabla yake macho yalimfifia, wakamfanyia sherehe, wakampa zawadi na kumwonyesha mlango. Zawadi yenyewe ilikuwa saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mtu asiyeona.

Basi tukanyamaza. Jioni nikawa nasahihisha mimi kazi za wanafunzi wake, yeye ananiuliza, mimi namsomea. Darasani alianza kuwaita wasichana wasome kwa sauti badala ya kuandika ubaoni. Masikio yake yalikuwa makali, kosa halikumpita. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo masikio hayakuweza kumsaidia, nalo ni mlango wa rangi, yaani somo la maneno ya rangi.

Mlango huo unaitwa af'al na fa'laa, yaani mwendo wa neno la kiume na wa la kike. Ndani yake kuna maneno ya rangi na ya kasoro za mwili, kiwete, kipofu, kiziwi, bubu na wenzao. Wifi alikuwa na kadi za rangi alizozikata mwenyewe, na desturi ya chuo ni kwamba mwalimu akiinua kadi na kutamka, darasa zima linaitikia lile lile alilotamka. Ndivyo tulivyofundishwa sisi, na ndivyo waliotufundisha walivyofundishwa. Nikachukua sindano nikazitoboa kadi zile pembeni, nyekundu tundu moja, kijani mawili, njano matatu, mpaka zikaisha. Akawa anapapasa ukingo kwa kidole gumba, anatamka, na huwezi kumjua.

Nilimwambia, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Akaniambia nipunguze methali niongeze chumvi kwenye mboga.

Kisha mkuu wa chuo akaja na habari ya mkaguzi. Mkaguzi anakuja kulipima darasa la wakubwa. Likimridhisha, wasichana wote wanapanda kwenda chuo cha juu. Lisipomridhisha, wote wanabaki. Hakuna mmojammoja. Na mlango amekwisha uchagua mwenyewe, af'al na fa'laa.

Katika milango yote ya sarfa, huyu mtu kachagua huo. Usiku huo nikamwambia wifi ajilaze kitandani, nitasema anaumwa.

"Nikiumwa mimi, ataletwa mwingine kulishika darasa," akasema. "Na akilishika halirudi."

"Na akikugundua?"

"Atanigundua kwa nini? Kadi ninazo."

Sikio la kufa. Nikamwacha. Lakini sikulala, na nilimsikia naye akigeuka huku na huku upande wa pili wa ukuta, na hakuna aliyemwita mwenzake.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti laini ya kubembeleza. Hilo liliniogopesha zaidi, kwa sababu mkali unajua ameudhika, mpole hujui. Akaketi mbele pamoja na mkuu wa chuo. Wadogo wangu waliruhusiwa kwenda nyumbani, nami nikakaa nyuma kabisa karibu na pazia.

Wifi akaanza. Nitasema ukweli, alifundisha siku ile kama ambavyo sijawahi kumsikia. Akainua kadi ya kwanza, nyekundu, huku kidole chake kikipita ukingoni.

"Ahmar!"

"Ahmar!" darasa likaitikia.

"Kwa mwanamke?"

"Hamraa!"

"Na wengi?"

"Humr!"

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Tulimwita Kidoti, kwa ajili ya alama iliyo kando ya pua yake. Huyu alikuwa haachi kitu kipite bila kukiuliza. Akauliza kwa nini neno hili halikutiwa te ya kike mwishoni kama maneno mengine. Mbona kubwa ni kabiir, na ya kike ni kabiira, basi? Kwa nini hapa neno zima linavunjwa likajengwa upya?

Nilimwona mkaguzi akiinua kichwa. Wifi naye akatabasamu, maana hilo ndilo swali alilolitaka.

"Njoo tuwatazame wanaume wawili," akasema. "Mmoja anaitwa akbar, mkubwa zaidi. Mwingine anaitwa ahmar, mwekundu. Wamevaa shati la aina moja, sivyo? Wote wameanza na alifu, wote wana mwendo wa af'al. Ukiwaona barabarani utasema ni ndugu. Lakini si ndugu. Akbar ni mtu wa kujipima. Hakai bila mwenzake, lazima awe mkubwa kuliko fulani. Ahmar hajipimi na mtu. Wekundu umekaa kwake mwenyewe, hata akiwa peke yake duniani ni mwekundu. Sasa utawatambuaje?"

"Kwa shati haiwezekani," akasema Kidoti.

"Kwa shati haiwezekani. Kwa hiyo waulize wake zao. Mke wa akbar ni kubraa. Mke wa ahmar ni hamraa. Sura mbili mbali kabisa. Halafu waulize watoto. Akbar wakiwa wengi ni akaabir. Ahmar wakiwa wengi ni humr, na hapo wanaume na wanawake wamo kapu moja, wote humr. Mke na watoto ndio waliokuonyesha baba ni yupi."

Wasichana wakacheka, na mkuu wa chuo naye akacheka. Mimi nilipata pumzi kidogo.

"Ndiyo maana," wifi akaendelea, "huwezi kumchukua ahmar ukasema ni mwekundu zaidi kwa neno hilo hilo. Shati la kujipimia limekwisha valiwa na sifa yenyewe. Ukitaka zaidi, zunguka. Sema ashaddu humratan, amezidi kwa wekundu. Na kasoro ni hivyo hivyo. Nipeni kasoro."

"A'raj, 'arjaa, 'urj," akasema mmoja. Hao ni viwete.

"Asamm, sammaa, summ." Hao ni viziwi.

"A'ma," akasema wa tatu, "'amyaa, 'umy."

Vipofu. Wifi hakutikisika. Akasema vizuri, tena akamsahihisha yule binti namna ya kuvuta alifu ya 'amyaa, sauti yake imetulia kama maji ya mtungi. Mimi ndiye niliyekuwa nalowa jasho jembamba nyuma kule.

Ilikuwa imebaki kidogo tu. Mkaguzi alikwisha simama, ananyoosha koti. Nikaanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, na ningalipaswa kungoja. Kwa sababu aliingiza mkono mkobani akatoa kadi.

"Mwalimu, nimefurahi," akasema kwa sauti yake ile laini. "Nimewaletea zawadi. Hizo zenu naona zimechakaa, zina matundu. Hizi ni za plastiki, hazichaniki. Hebu zizindue. Chagua moja, tamka, wakuitikie."

Akaziweka mikononi mwa wifi.

Nilikuwa namtazama kidole gumba. Kilipita ukingo wa kadi ya juu, kikarudi, kikapita tena. Laini. Akaishika ya pili, laini. Nilitaka kukohoa, nilitaka kuanguka nizimie, nilitaka kupiga kelele za moto. Sikufanya lolote. Sitaki kujipamba hapa, woga ulinifunga.

Wifi akachomoa kadi moja akaiinua. Akaitazama, kidogo kwa upande, namna alivyokuwa akitazama siku hizo. Ilikuwa kijani. Kijani cha jani la mgomba lililofunguka asubuhi.

"Hamraa," akasema.

Nikamwona Kidoti akiitazama kadi, halafu akimtazama mwalimu wake usoni. Kisha akafungua kinywa na kuitikia kwa nguvu kuliko siku zote.

"Hamraa!"

Na darasa zima likamfuata. "Hamraa!"

"Wengi?"

"Humr!"

Mpaka leo sijui ni wangapi walioliona kosa. Wengine waliitikia kwa mazoea, mwalimu akitamka nawe unatamka. Lakini Kidoti hakuitikia kwa mazoea, hilo naapa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba wifi, aliposikia sauti zote zimekubaliana, aliamini amepatia. Mabega yalimshuka. Alitabasamu.

Mkaguzi hakumtazama yeye. Aliwatazama wasichana.

"Mna hakika?" akauliza.

"Ndiyo," wakajibu, wachache.

Akamgeukia mkuu wa chuo, akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mwalimu ameteleza ulimi, hilo humpata kila mtu. Lakini hawa hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Wanaimba. Wanajua wimbo wa maneno, hawajui neno linasema nini. Wataniwia radhi, darasa kama hili siwezi kulipandisha. Wabaki mwaka mwingine, wafundishwe kutazama."

Wasichana wakainamisha vichwa. Walikuwa tayari kubaki, watoto wale. Nikaiona njia ya kuokoka, iko wazi. Wifi anyamaze tu. Ulimi umeteleza, basi, yamekwisha; darasa linabaki, na yeye anabaki nalo mwaka mzima, hakuna atakayejua. Mungu anisamehe, niliomba anyamaze.

Alikuwa bado ameiinua kadi. Akaishusha, akaileta karibu na uso mpaka ikakaribia kugusa pua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kidoti," akaita. "Simama. Hii ni rangi gani?"

"Hamraa, mwalimu."

"Nakuuliza mimi, si mgeni. Rangi gani?"

"Hamraa." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeniuliza juu ya te ya kike. Mtoto anayeuliza hivyo haoni kijinga. Niambie unachokiona, usiniambie ninachotaka kusikia."

Mkuu wa chuo alikuwa ameanza kuelewa, nilimwona usoni, na nilitamani ardhi ipasuke inimeze kabla hajamaliza kuelewa.

"Khadhraa," akasema Kidoti. Ilitoka ndogo sana.

"Kwa mwanamume?"

"Akhdhar."

"Wengi?"

Kidoti hakuweza tena. Darasa likamjibia, wale wote, wengine wanalia, bila kupangwa na mtu.

"Khudhr."

Wifi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia mkaguzi, au niseme aligeukia upande ilikotoka sauti yake.

"Umewasikia," akasema. "Rangi wanaijua, na mwendo wake wanaujua, wa kiume, wa kike na wa wengi. Waliitikia hamraa kwa sababu mwalimu wao alisema hamraa, na wana adabu. Asiyeona ni mimi. Usiwabakishe kwa macho yangu."

"Huoni kabisa, mwalimu?" akauliza yule bwana.

"Leo naona dirisha. Naona umesimama. Lakini nimekwisha wafundisha asubuhi hii kwamba sifa hizi hazina kidogo wala zaidi. Basi wewe niandike 'amyaa, ndicho kike cha kipofu."

Hakuna aliyecheka, na hakusema ili wacheke.

Mkaguzi alikaa chini tena, akauegemeza mkono kwenye meza. Alipozungumza alilipandisha darasa lote, kila mmoja. Alisema hajaona mwaka huu wasichana wanaojua mlango ule hivyo. Halafu, kwa sauti ile ile laini, akamwambia mkuu wa chuo kwamba kuanzia kesho atafutwe mtu mwingine wa sarfa. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa angekuwa mbaya, ningepata wa kumchukia.

Wifi aliwaaga wasichana mmojammoja kwa kuwagusa vichwa. Alipofika kwa Kidoti alimwambia kitu sikioni, sikukisikia na sijakiuliza. Kisha tukatoka. Kwenye ngazi za nje akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue yeye mwenyewe akautafuta mkono wangu.

Nilianza kumkaripia, ndiyo tabia yangu ninapoogopa. Nikamwambia angenyamaza tu, mwaka mmoja si kitu, watoto wangebaki na wangesoma, nani angekufa? Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Wewe ulikuwa nyuma, ulisikia vizuri," akasema. "Waliposema wengi, walisema khudhr au khudhur?"

"Hilo ndilo unaloniuliza sasa?"

"Herufi ya katikati lazima itulie, isipewe irabu. Wakiitia irabu limeharibika. Kule kelele zilikuwa nyingi, wanalia, sikupata. Walisemaje?"

Nikakumbuka sauti zile, nikazipitisha tena masikioni. "Khudhr," nikamwambia. "Ilitulia."

"Wote?"

"Wote, wifi."

Akashusha pumzi. Tukashuka ngazi mbili, tatu, yeye akizitafuta kwa mguu kabla ya kukanyaga, vidole vyake vimenikaza mpaka vinaniumiza.

"Basi sasa naweza kuogopa," akasema, na mwili wote ukaanza kumtetemeka, pale pale mchana kweupe, nami nikamshika kwa mikono miwili asianguke.